Picha Hukanusha, Haithibitishi: Glovu za Muhammad Ali na Imani ya Wanunuzi

Miongoni mwa wakusanyaji wa kumbukumbu za michezo, yaani wale wanaonunua mipira, jezi na glovu zilizotiwa sahihi na wanamichezo mashuhuri, imeenea imani kwamba picha safi ikiambatana na cheti cha uhalisi humtosheleza mnunuzi aliye mbali kuamua kama sahihi ni ya kweli. Imani hiyo imesimama juu ya nguzo tatu: kwamba wino hutaja umri wake wenyewe, kwamba mwendo wa mkono hauigiki, na kwamba cheti chenye stika ya hologramu hufunga mjadala. Makala haya yanazipinga zote tatu. Picha ni shahidi hodari anapoitwa kukanusha na shahidi dhaifu anapoitwa kuthibitisha, na biashara ya sahihi inampandisha kizimbani kwa kazi ile ile asiyoiweza.

Ili hoja isielee hewani, ichukuliwe bidhaa ya aina moja inayotangazwa mara kwa mara mtandaoni: glovu nyekundu ya ndondi, ya ngozi, yenye maneno mawili, Muhammad Ali, yaliyoandikwa kwa makapeni nyeusi, pamoja na mwaka 1974 chini yake. Mwaka huo unauza. Tarehe 30 Oktoba 1974 Ali alimwangusha George Foreman mjini Kinshasa, na kwa msomaji wa Kiswahili, hasa wa Kongo, glovu inayodaiwa kutoka usiku ule ina mvuto usiopatikana kwenye mpira wa besiboli wa Chicago. Mvuto huo huo ndio unaomfanya mnunuzi atazame picha akitafuta ruhusa ya kuamini.

Ni haki kuanza na yale ambayo picha huyaweza, kwa sababu si machache. Picha ikionyesha kitu kisichowezekana kihistoria, kesi imekwisha bila kuhitaji maabara. Bondia huyu alizaliwa Louisville mwaka 1942 akiitwa Cassius Clay, na jina la Muhammad Ali alilipata Machi 1964, baada ya kutwaa ubingwa kwa kumshinda Sonny Liston. Kwa hiyo jina jipya likiwa juu ya kitu kinachodaiwa kutiwa sahihi mwaka 1962 ni la kughushi, hata kama mwandiko ni mzuri kiasi gani. Kalamu nazo zina tarehe zao. Kalamu ya gololi, ile ya kawaida ambayo wino wake mzito hubebwa na kigololi kidogo kwenye ncha, ilianza kuuzwa madukani New York Oktoba 1945, na makapeni ya ncha ya felti ilifika sokoni Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Babe Ruth, gwiji wa besiboli, alifariki Agosti 1948, hivyo mpira wenye sahihi yake kwa makapeni hautaki mtaalamu. Unataka mtu anayejua kuhesabu miaka. Glovu ya mfano wetu inaupita mtihani huu: makapeni nyeusi mwaka 1974 ilikuwepo, na jina ni lile alilolitumia. Lakini kupita mtihani huu hakuiongezei glovu ukweli wowote, kwa maana kila mghushi mwenye kalenda anaupita pia.

Hapo ndipo nguzo ya kwanza inapoletwa. Mwuzaji hukuza picha, huonyesha kwamba mstari si mweusi tena bali umeelekea kuwa wa kahawia, na kusema kwamba rangi hiyo ni ushahidi wa miaka hamsini. Hoja hii ina makosa mawili yaliyopandana. La kwanza ni la kamera. Simu haipigi rangi ilivyo. Inakisia weupe wa mwanga, kisha inasogeza rangi zote kulingana na kisio hilo, na pale ambapo sehemu kubwa ya picha imejaa rangi moja kali, kama wekundu wa glovu, kisio huyumba kwa urahisi. Mstari ule ule unaweza kuonekana mweusi chini ya mwanga wa dirisha na wa kahawia chini ya balbu ya sebuleni, bila wino kubadilika hata chembe. Karatasi nyeupe ikiwekwa pembeni ya glovu ndani ya picha hiyo hiyo ingemwonyesha mtazamaji kama rangi imeyumba, na rula ikiwekwa chini ya sahihi ingemwonyesha ukubwa wake. Ila matangazo mengi hayana karatasi wala rula, na mwenye kitu cha kweli hana sababu ya kuvikataa akiombwa.

Kosa la pili ni la wino wenyewe. Weusi wa makapeni kwa kawaida ni mchanganyiko wa rangi kadhaa zilizoyeyushwa katika kimiminika kinachokauka haraka, na rangi hizo hazifi kwa kasi moja zikipigwa na mwanga: baadhi hupauka mapema, zikabaki zile zinazoelekea ukahawia au uzambarau. Kwa hiyo kupauka ni kipimo cha mwanga ulioipata sahihi, wala si cha miaka iliyopita. Glovu iliyotiwa sahihi kweli mwaka 1974 na kufungiwa sandukuni inaweza kuwa nyeusi tii, na ile iliyochorwa mwezi uliopita, ikaachwa kwenye dirisha lipigwalo na jua la mchana, inaweza kuzeeka kuliko mwenye sahihi. Anayeuza weusi uliopauka kama cheti cha kuzaliwa anauza jua.

Wapo watakaojibu kwamba maabara hupima umri wa wino, na kwamba basi picha kali ingeweza kukaribia jambo hilo. Kipimo kinachojulikana zaidi kinahusu wino wa kalamu ya gololi: ndani yake mara nyingi mna kiyeyushi kiitwacho fenoksiethanoli, ambacho hutoka taratibu baada ya kuandika, na mtaalamu akikata vipande vidogo vya mstari anaweza kupima kiasi kilichobaki. Hata hivyo njia hiyo hufaa kwa wino wa umri wa miezi hadi takriban miaka miwili, maana baadaye mabadiliko huwa madogo mno; inahitaji kipande cha kitu chenyewe; tena haikutengenezwa kwa ajili ya makapeni iliyonyonywa na ngozi. Ikiwa maabara yenye glovu mezani haiwezi kusema kwa uhakika kwamba mstari huu ni wa 1974 na si wa 1994, ni kwa muujiza gani picha ya kilobaiti mia tatu itasema?

Inafaa kuongeza neno juu ya miale ya urujuanimno, kwa kuwa siku hizi wauzaji hupenda kutoa picha zilizopigwa chini ya taa yake, ile ile wanayotumia watunza fedha kukagua noti. Taa hiyo ina kazi moja nzuri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watengenezaji wa karatasi, nyuzi na sabuni walianza kutumia kemikali za kung'arisha weupe, ambazo chini ya miale hiyo huwaka rangi ya samawati. Basi karatasi inayodaiwa kuwa ya mwaka 1930 ikiwaka hivyo, imejisaliti. Kwa mara nyingine, hili ni kanusho. Kutowaka hakuthibitishi kitu, kwa sababu mghushi makini hununua karatasi tupu zilizokatwa kwenye vitabu vya zamani, na glovu kuukuu isiyo na sahihi si bidhaa adimu.

Nguzo ya pili ni imara zaidi, na inastahili kujibiwa kwa utulivu. Hoja yake ni kwamba mtu anayeandika jina lake hafikirii herufi, hivyo mkono wake hukimbia, ilhali mghushi huchora, na mchoro huonekana. Kwa makapeni, kasi kweli huacha alama. Ncha ya felti hutoa wino mfululizo. Ikisimama, wino hukusanyika na kuacha kitone kipana, na ikikimbia, mstari huwa mwembamba na pengine wenye michirizi mikavu. Sahihi iliyoandikwa kwa haraka kwa kawaida huanza na kuishia kwa ncha zilizochongoka, kwa kuwa kalamu ilikuwa tayari inakwenda ilipogusa ngozi na ilikuwa bado inakwenda ilipoachana nayo. Sahihi iliyochorwa huanza kwa kitone, huenda kwa upana mmoja kama barabara ya lami, kisha hukoma ghafla. Tena kalamu huinuliwa mahali ambapo mwenye jina hainui, na kurudishwa juu ya mstari ule ule ili kurekebisha tumbo la herufi. Mambo haya picha nzuri huyaonyesha, na mtu akiyaona katika glovu, ana haki ya kuondoka.

Tatizo linaanza pale yasipoonekana. Kwanza, si kila picha ina uwezo wa kuyaonyesha. Faili za JPEG hubana picha kwa kuigawa katika miraba ya pikseli nane kwa nane na kutupa sehemu ya taarifa ndogondogo ndani ya kila mraba, na simu nyingi hulainisha mikwaruzo kisha kunoa kingo ili picha ipendeze. Mstari uliotetemeka hutoka umenyooka. Ncha butu hutoka imechongoka. Mnunuzi anayekuza picha ya namna hiyo mara nne hadhani kwamba anaangalia kazi ya programu ya simu, lakini ndicho anachokiangalia. Pili, glovu si karatasi. Imejazwa, imepinda, inabonyea chini ya kalamu, na hata mkono wa kweli hupunguza mwendo juu yake, kwa hiyo kulinganisha sahihi ya glovu na sahihi ya karatasi ni kumlinganisha mtu anayetembea mchangani na yeye mwenyewe akiwa barabarani. Kilinganishi halali ni glovu nyingine zisizo na shaka, za miaka hiyo hiyo.

Tatu, na hili ndilo zito, mwendo unaigika. Katika uchunguzi wa FBI uliopewa jina la Operesheni Bullpen, ulioendeshwa kutoka San Diego mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufikia kilele kwa misako ya Oktoba 1999, mghushi mkuu wa genge lililovunjwa hakuwa mchoraji wa polepole. Alikuwa mtu mwenye kipaji aliyerudia majina ya wanamichezo hadi yakamkaa mkononi, akaandika kwa kasi, kwa maelfu. Mtu akiandika jina la mwingine mara elfu tano hachori tena; anaandika, na kalamu yake huacha ncha zilizochongoka kama za mwenye jina. Miongoni mwa vitu vilivyonaswa kulikuwa na mipira ya besiboli yenye sahihi ya Mama Teresa, jambo ambalo linapaswa kumnyamazisha mtu yeyote anayedai kwamba wanunuzi hutumia akili kwanza na macho baadaye.

Kwa Ali kuna utata wa ziada, na ndiyo sababu glovu zake ni mfano unaofundisha kuliko mingine. Mwaka 1984 aligunduliwa kuwa na dalili za ugonjwa wa Parkinson, na mwandiko wake wa miaka iliyofuata si ule wa miaka ya 1970: sahihi pana iliyotanuka ikawa ndogo na iliyobanana. Wauzaji wameligeuza jambo hili kuwa kinga ya kila kasoro. Mstari ukitetemeka, mnunuzi huambiwa kwamba huo ni ugonjwa wa bingwa, na aibu humzuia kuuliza zaidi. Lakini tetemeko la kawaida la Parkinson hujitokeza hasa mkono ukiwa umepumzika na hupungua unapofanya kazi. Alama ya ugonjwa huo katika mwandiko ni kusinyaa kwa herufi zaidi ya kutikisika kwake. Sahihi kubwa, pana, yenye umbo la miaka ya 1970 lakini inayotetemeka kila inapopinda haifanani na mgonjwa; inafanana zaidi na mtu mzima wa afya anayenakili kwa woga. Na kwa glovu yetu yenye mwaka 1974, kisingizio hicho hakina hata mlango wa kuingilia, kwa kuwa mwaka huo ugonjwa ulikuwa haujagunduliwa.

Hata hivyo ikiwa sahihi ya glovu haitetemeki, imetanuka inavyopaswa, na herufi zinapanda na kushuka kama za vilinganishi, picha imesema nini? Imesema kwamba haikuona sababu ya kukataa. Tofauti kati ya kauli hiyo na kauli kwamba Ali aliishika glovu hii ndiyo biashara nzima. Kampuni kubwa za uthibitishaji zinaijua tofauti hiyo vizuri: kwa ada ndogo hutoa maoni ya awali kutokana na picha, zikisema kwamba kitu huenda kikapita au huenda kisipite, lakini ili kutoa cheti hutaka kukishika kitu chenyewe. Wanaoishi kwa kuuza uaminifu hawaziamini picha kwa hukumu ya mwisho. Inashangaza kwamba wanunuzi wanaziamini.

Kuna sehemu moja ambapo picha hukanusha kwa nguvu kuliko jicho la mtaalamu yeyote, nayo haitumiwi vya kutosha. Hakuna binadamu anayetia sahihi mbili zinazolingana mstari kwa mstari. Mnunuzi akikusanya picha za glovu kadhaa za mwuzaji mmoja, akazilinganisha kwa ukubwa sawa na kuzipandanisha moja juu ya nyingine, na mbili kati yake zikafunikana kabisa, basi amekutana na muhuri, chapa, nakala iliyofuatishwa juu ya nyingine, au mashine ya kutia sahihi, ambayo ni mkono wa chuma unaoshika kalamu na kufuata kiolezo. Jambo hilo halihitaji kujua lolote juu ya Ali.

Nguzo ya tatu ni cheti, na hapa imani imegeuka kuwa kama ibada. Neno hilo moja linafunika vitu visivyofanana. Kipo cheti cha mwuzaji, ambacho ni karatasi ya mtu anayejishuhudia mwenyewe. Kipo cheti cha mtaalamu, ambacho ni maoni juu ya sura ya sahihi, yaliyotolewa na mtu ambaye hakuwepo ilipotiwa. Na kipo cheti cha shahidi, yaani cha mtu aliyesimama pale, akaona kalamu ikigusa kitu, akabandika stika yenye namba papo hapo. Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani ilianzisha utaratibu wa aina hii ya tatu mwaka 2001, baada ya Operesheni Bullpen, ikiwatumia mashahidi waliokuwa maofisa wa usalama na stika za hologramu zinazochanika mtu akijaribu kuzibandua. Huo ni ujuzi wa tukio. Vile viwili vya kwanza ni ahadi na maoni. Genge la San Diego lenyewe lilitoa mali yake ikiwa na vyeti, na hakuna la kushangaza, kwa kuwa mtu aliyeweza kughushi sahihi ya bingwa hashindwi na karatasi yenye mapambo ya dhahabu.

Glovu ya mwaka 1974 haiwezi kuwa na cheti cha shahidi cha namna hiyo, kwa maana utaratibu ulikuwa haujazaliwa. Cheti chake, kikiwa bora kabisa, ni maoni. Picha ya cheti ni picha ya maoni, na picha ya hologramu ni hafifu kuliko zote, kwa sababu sifa ya hologramu ni kubadilika inapogeuzwa kwenye mwanga, na picha tuli ndiyo kitu pekee kinachomzuia mtazamaji asiigeuze.

Hata hivyo namba iliyo kwenye stika ina kazi ya kweli, endapo itatumiwa ipasavyo. Mnunuzi aiandike namba hiyo kwa mkono wake katika tovuti ya mtoaji anayoijua, asifuate msimbo uliochapwa kwenye cheti, kwani msimbo wa kughushi humpeleka kwenye tovuti ya kughushi. Ikiwa kumbukumbu ya mtoaji ina picha ya glovu, ailinganishe na ya mwuzaji, si kwa kutazama sahihi kwanza bali kwa kutazama ngozi: mkunjo ulio kando ya mshono, kovu dogo lililo chini ya lebo, mahali hasa ambapo mkia wa herufi ya mwisho unakutana na kinyweleo cha ngozi. Mikunjo ya ngozi haina pacha. Hapa picha inafanya kazi yake ya heshima, kwa kuwa inathibitisha kwamba glovu hii ndiyo ile iliyotolewa maoni. Lakini rekodi nyingi za zamani zina maelezo mafupi tu, glovu nyekundu, makapeni nyeusi, bila picha. Namba ya namna hiyo inaweza kunakiliwa juu ya glovu kumi, na kila mmoja wa wanunuzi kumi ataikuta ni halali.

Mwuzaji akiona mashaka haya hutoa turufu yake ya mwisho, picha ya bingwa mwenyewe akitia sahihi. Picha hiyo huamsha hisia na haina uzito wowote mpaka ijibu swali la mikunjo. Ali alitia sahihi vitu vingi mno, mahali pengi, mbele ya kamera nyingi. Alifika Dar es Salaam Februari 1980 akiwa mjumbe wa Rais Jimmy Carter, katika safari ya kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow, na kokote alikokwenda watu walimnyooshea karatasi. Kwamba alipigwa picha akiandika juu ya glovu nyekundu kunathibitisha kwamba ipo glovu nyekundu aliyoiandika. Picha moja kama hiyo inaweza kuuza shehena nzima.

Ajabu ni kwamba vilinganishi bora vya mwandiko wake havimo ndani ya glovu za bei ghali. Kwa miaka mingi Ali aligawa vijitabu vya dini ya Kiislamu alivyovitia sahihi kabla, akiwapa watu waliomsimamisha njiani, na vingi aliviandikia tarehe. Vipo vingi, na kwa kuwa ni karatasi, thamani yake ni ndogo kando ya glovu, hivyo mghushi hakuwa na haraka navyo. Mnunuzi mwenye vijitabu kadhaa vya miaka tofauti mezani, hata vikiwa katika picha kali zenye rula, anaweza kuona jinsi sahihi ilivyosinyaa mwaka baada ya mwaka, na kuikataa glovu yenye tarehe ya miaka ya 1990 iliyoandikwa kwa mkono mpana wa Kinshasa. Kwa glovu ya mwaka 1974 vitamsaidia kidogo kuliko hapo: vitampa umbo la kutafuta kasoro. Asipoiona, na namba isipokuwa na picha katika kumbukumbu, na mwuzaji akakataa kuweka rula na kumulika mwanga wa pembeni unaoonyesha jinsi kalamu ilivyobonyeza ngozi, basi kilicho mbele yake ni glovu kuukuu nyekundu yenye maandishi, na bei yake inapaswa kuwa hiyo.